Mashine ya Kukata Majani Ikitetemeka: Jinsi ya Kujua Kama Gurudumu Lake Halina Mizani

Wakulima wengi wa skimu za Lugari na Likuyani wanafuga ng'ombe wa maziwa, na siku hizi nyumba nyingi zina mashine ya kukata nepia na mabua ya mahindi. Mashine hizo husaidia sana, lakini malalamiko yanayosikika mara kwa mara ni haya: mashine inatetemeka, boliti zinalegea kila wiki, na beringi zinakufa upesi. Mwenye mashine hununua beringi mpya, na baada ya miezi michache hununua nyingine. Pesa zinakwisha, na kutetemeka kunabaki pale pale.

Sababu ni kwamba mara nyingi beringi si chanzo cha ugonjwa. Beringi huumia kwa sababu kitu kingine kinaipiga, na aghalabu kitu hicho ni gurudumu la visu lililo zito upande mmoja. Katika ukurasa huu tutaeleza njia ya kulipata kosa hilo kabla ya kutoa pesa, kwa kutumia simu ya mkononi, mizani ya duka, chaki na bikari ya shule.

GURUDUMU LISILO NA MIZANI NI NINI?

Gurudumu lenye mizani ni lile ambalo uzito wake umegawanyika sawasawa kuzunguka shafti. Upande mmoja ukizidi, uzito ule wa ziada huivuta shafti kuelekea upande wake, na kwa kuwa gurudumu linazunguka, mvuto huo nao huzunguka. Fremu husukumwa huku na huku mara moja kwa kila mzunguko.

Uzito mdogo waweza kuleta nguvu kubwa. Chukueni gramu 60, yaani uzito wa yai moja la kuku. Mkiufunga ukingoni mwa gurudumu, sentimita 30 kutoka katikati ya shafti, na gurudumu likizunguka mara 540 kwa dakika, uzito huo huivuta shafti kwa nguvu inayolingana na mzigo wa karibu kilo 6. Mkiongeza mwendo mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne, nayo hufika karibu kilo 23. Kwa hiyo mtu anayebadilisha puli ili mashine ikate upesi huona kutetemeka kumezidi ghafula, ingawa hakuna kilichovunjika.

SIMU HUSIKIAJE MTETEMO?

Ndani ya simu nyingi za kisasa mna kifaa kidogo kiitwacho kipimamchapuko. Kifaa hicho ndicho kinachojua simu imelazwa au imesimamishwa, na hupima jinsi simu inavyosukumwa, mara nyingi kwa sekunde. Iko programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, ambayo husoma kifaa hicho. Ndani yake chagueni `Acceleration Spectrum`. Programu hukusanya mitetemo yote iliyochanganyika, kisha huitenga kwa hesabu na kuichora kama vilele. Chini ya mchoro mna idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo huitwa hezi. Urefu wa kilele huonyesha mtetemo ule una nguvu kiasi gani.

Mchoro huo ndio msingi wa kazi yote, kwa sababu kila sehemu ya mashine huzunguka kwa mwendo wake, na hivyo kila sehemu hutetemeka kwa hesabu yake. Mkijua hesabu ya kila sehemu, kilele kitawatajia sehemu yenye kosa.

KWANZA FANYENI HESABU

Tuchukue mfano wa mkulima wa Likuyani mwenye mashine ya visu viwili inayoendeshwa na mota ya umeme. Kibao cha mota kinasema 1440 `RPM`, yaani mizunguko 1440 kwa dakika. Puli ya mota ina upana wa inchi 3, na puli ya mashine inchi 8.

Mota: gawanyeni 1440 kwa 60, mtapata mizunguko 24 kwa sekunde, yaani hezi 24.

Gurudumu la visu: zidisheni 24 kwa 3, kisha gawanyeni kwa 8. Mtapata hezi 9, ndiyo mizunguko 540 kwa dakika.

Mkanda: mkanda huenda polepole kuliko puli zote mbili. Kila mzunguko wa puli ya mota huvuta karibu sentimita 24 za mkanda, basi kwa sekunde moja hupita kama sentimita 575. Ikiwa mkanda una urefu wa sentimita 170, huzunguka mara 3.4 kwa sekunde.

Andikeni hesabu hizi tatu kwenye karatasi: 3.4, 9 na 24. Yafaa ifahamike kwamba mashine ikienda bila majani, mota hukimbia kidogo kuliko kibao kinavyosema. Hivyo kilele cha gurudumu kikionekana kwenye 9.2 badala ya 9, msidhani hesabu imekosewa.

JINSI YA KUPIMA

Zimeni mashine na kukata umeme kabisa kabla ya kuigusa. Funga simu kwa nguvu kwenye fremu ya chuma, karibu iwezekanavyo na nyumba ya beringi ya gurudumu. Msiifunge juu ya bati la kinga, kwa kuwa bati hutetemeka kivyake na kudanganya. Wala msiishike kwa mkono, kwa kuwa mkono hulainisha mtetemo. Ni vema kutumia simu ya zamani, kwa sababu mtetemo mkali waweza kuharibu kamera za baadhi ya simu. Hakikisheni kinga zote zimerudishwa, kisha washeni mashine bila kutia majani. Visu viwili vikikata majani hupiga mara mbili kwa kila mzunguko, na mapigo hayo yangeleta kilele chake kwenye hezi 18. Subirini hadi mwendo utulie, ndipo mpime.

Simameni ubavuni, si mbele ya gurudumu mahali ambapo kisu kingerukia kama kingechomoka. Chombo kikitetemeka kupita kiasi, kizimeni mara moja na kukagua boliti za visu.

KUSOMA VILELE

Kama kilele kikubwa kiko kwenye hezi 9 peke yake, na mtetemo ni mkubwa kukatiza shafti, yaani juu na chini au mbele na nyuma, lakini ni mdogo kufuata urefu wa shafti, basi gurudumu halina mizani. Programu huonyesha pande tatu za simu kwa herufi `x`, `y` na `z`, kwa hiyo angalieni simu mmeilaza vipi. Mtetemo ukiwa mkubwa pia kufuata urefu wa shafti, kagueni kama shafti imepinda.

Kama kilele kiko kwenye 24, gurudumu halina hatia. Ondoeni mkanda na kuendesha mota peke yake. Kilele kikibaki, kosa liko kwenye mota au puli yake.

Kama vilele viko kwenye 3.4 na 6.8, mkanda una uvimbe au umechakaa.

Kama viko vilele vingi vilivyopangana kwa ngazi, yaani 9, 18, 27 na 36, kuna kitu kimelegea. Kazeni boliti za miguu na za nyumba za beringi, kisha mpime tena kabla ya kufanya jambo lolote jingine.

Liko jambo moja zaidi la kupima. Fremu yenyewe, hata mashine ikiwa imezimwa, ina mtetemo wake wa asili, kama kengele ilivyo na sauti yake. Anzisheni kipimo, kisha igongeni fremu mara moja kwa nyundo ya mti. Kilele kikitokea karibu na 9, fremu inaukuza mtetemo wa gurudumu, na hata kosa dogo la mizani litaonekana kubwa. Dawa yake ni kuimarisha miguu kwa vyuma vya kukingama, au kuifunga mashine juu ya saruji badala ya kuiacha kwenye udongo.

MFANO WA LIKUYANI: MIZANI KWANZA

Katika mfano wetu kilele kimoja kilisimama kwenye hezi 9.2, na urefu wake ulikuwa alama 6.6. Kwa kazi hii alama hizi ni za kulinganisha tu. Hakuna haja ya kujua zina uzito gani, mradi simu isihamishwe na mipangilio ya programu isibadilishwe.

Kabla ya kufanya hesabu ndefu, fungueni visu na kuvipima kwenye mizani ya duka. Hapa ndipo makosa mengi hupatikana. Kisu kimoja kilikuwa cha asili, na cha pili kilikuwa kimechongwa na fundi kutokana na springi ya lori. Kisu cha springi kilizidi kwa gramu 90. Fundi alikisaga upande wa mgongo, si upande wa makali, huku akikipoza kwa maji, hadi visu vyote viwili vikawa sawa pamoja na boliti zake. Vilipofungwa tena, kilele kilishuka kutoka 6.6 hadi 3.0.

Wengi wangeweza kuishia hapo. Lakini alama 3.0 bado ni nyingi, na kwa kuwa visu vimelingana, uzito uliobaki uko kwenye gurudumu lenyewe. Simu inatuambia uzito upo, ila haituambii uko upande gani. Ili kuupata mahali ulipo hufanywa majaribio matatu zaidi.

KUUTAFUTA UPANDE MZITO

Gawanyeni ukingo wa gurudumu kwa uzi katika sehemu tatu zilizo sawa, na kuziandika A, B na C kwa chaki. Gurudumu letu lina mzingo wa sentimita 188, basi kutoka herufi moja hadi nyingine ni karibu sentimita 63.

Tengenezeni kibano kidogo cha chuma chenye boliti kitakachoukumbatia ukingo, na pamoja na boliti zake kiwe na uzito wa gramu 40. Kibano kisiwe kizito mno. Kanuni ya mafundi ni kwamba nguvu yake kinapozunguka isizidi sehemu ya kumi ya uzito wa gurudumu. Gurudumu letu lina kilo 40, na gramu 40 kwenye mwendo huu huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 4. Kikazwe kwa boliti na nati pamoja na washa ya springi. Ni marufuku kutumia waya, gundi au mpira. Zungusheni gurudumu kwa mkono kuhakikisha kibano hakigusi kinga.

Fungeni kibano kwenye A, washeni, someni kilele cha 9.2. Zimeni, kihamisheni hadi B, kisha C, kwa umbali ule ule kutoka shafti. Katika mfano wetu majibu yalikuwa haya:

Bila kibano: 3.0
Kibano kikiwa A: 1.3
Kibano kikiwa B: 3.9
Kibano kikiwa C: 4.7

Hata kwa macho tu inaonekana kwamba upande wa A ndio unaohitaji kuongezwa uzito. Bikari itatuonyesha mahali penyewe.

Chukueni sentimita 2 kwa kila alama moja. Choreni duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 6, maana alama 3.0 mara 2 ni 6. Juu ya duara hilo wekeni nukta A, B na C kwa mpangilio ule ule wa gurudumu mkilitazama kwa upande mmoja. Sasa wekeni ncha ya bikari kwenye A na kuchora tao la sentimita 2.6. Kutoka B choreni tao la sentimita 7.8, na kutoka C la sentimita 9.4. Matao matatu yatakutana mahali pamoja ndani ya duara.

Pimeni kutoka katikati ya duara hadi mahali hapo: ni sentimita 4. Huo ndio uwezo wa gramu 40 za kibano. Kosa la mashine ni sentimita 6, ambayo ni nusu kipenyo cha duara. Basi uzito unaotakiwa ni gramu 40 mara 6, gawanya kwa 4, sawa na gramu 60. Na upande wake ni ule ambako mstari kutoka katikati kupitia kwenye makutano unaelekea. Hapa mstari unapita nyuzi 20 kutoka A kuelekea B, ambazo kwenye ukingo ni kama sentimita 10 na nusu.

Kwa anayetaka kuhakiki bila bikari, hesabu ni hii. Zidisheni kila jibu la kibano kwa lenyewe: 1.69, 15.21 na 22.09. Jumla ni 38.99, na wastani wake ni 13.0. Toeni 3.0 mara 3.0, yaani 9, mnabaki na 4. Kipeo chake cha pili ni 2, yaani alama 2, ambazo kwenye karatasi ni zile sentimita 4.

Kibano kiliondolewa, na kipande cha gramu 60 kikafungwa mahali hapo kwa boliti. Kilele kilishuka hadi 0.3. Magurudumu mengi ni ya chuma kilichomiminwa, na chuma hicho hupasuka kikichomelewa ovyo. Kwa hiyo ni heri kufunga kwa boliti, au kumwomba fundi mwenye tundulio atoboe upande ulio mkabala ili kuupunguzia uzito huo huo.

MATAO YASIPOKUTANA

Njia hii ina uzuri wa kujisema yenyewe inapokosewa. Matao yakikaribiana na kuacha pembe tatu ndogo, chukueni katikati yake. Lakini yakiachana mbali, msifunge uzito wowote. Angalieni kama mwendo ulibadilika kati ya kipimo na kipimo kwa sababu mkanda unateleza, kama simu ilisogea, au kama boliti za miguu zimelegea. Rekebisheni, kisha anzeni upya. Na mkiweka uzito mahali pake halafu kilele kikapanda badala ya kushuka, huenda herufi zilichorwa kinyume, mkilitazama gurudumu kwa upande mwingine.

MAMBO AMBAYO SIMU HAIWEZI

Simu haisikii kila kitu. Beringi inayoanza kuharibika hutoa mitetemo ya haraka sana ambayo simu haiifikii. Hivyo mchoro mtulivu si ushahidi kwamba beringi ni nzima. Zimeni mashine, ondoeni mkanda, na kuzungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza, beringi imekufa, hata kama simu imenyamaza.

La pili lahusu kinu cha posho. Kinu cha nyundo huenda kasi kuliko mashine ya majani. Simu inayosoma mara 100 kwa sekunde haiwezi kuona sawasawa mtetemo unaofika au kupita hezi 50, nusu ya usomaji wake. Kinu kinachozunguka mara 3600 kwa dakika hutetemeka kwa hezi 60, lakini simu hiyo yaweza kukionyesha kilele kwenye 40. Ni kama gurudumu la gari katika sinema, linaloonekana linarudi nyuma huku gari linakwenda mbele. Kwa hiyo angalieni kwanza programu inasema simu inasoma mara ngapi kwa sekunde. Kwa kinu kama hicho tafuteni simu inayosoma mara 200 au zaidi. Wala kwenye kinu msifunge kibano cha majaribio. Kwa mwendo ule kibano kikichomoka kinaweza kuua. Kazi ya mkulima kwenye kinu ni kupima nyundo zote kwa mizani, kuzipanga ili zinazokabiliana ziwe na uzito sawa, na kubadilisha seti nzima zinapochakaa badala ya kutia nyundo moja mpya kati ya kuukuu.

Mwenye mashine na aandike kilele cha kwanza, tarehe, na mahali simu ilipofungwa, kisha apime tena kila anaponoa visu, kwa maana kila kunoa huondoa chuma, na visu viwili haviliki sawasawa. Kilele cha gurudumu kikifika mara mbili ya kile kilichoandikwa, apeleke visu kwenye mizani kabla ya kwenda dukani kununua beringi.